Sponji au springi? Maswali ya wanandoa wanaoumwa mgongo

Majibu haya yametokana na maswali tunayoulizwa dukani Dar es Salaam na wateja wanaokuja wawili wawili, mmoja akishika kiuno, mwingine akishika bega. Tunauza magodoro ya aina zote mbili, kwa hiyo hatuna sababu ya kukusukuma upande mmoja.

Tuambieni moja kwa moja: kwa mgongo, lipi bora?

Kwa mtu mmoja anayelala peke yake, sponji nzuri na springi nzuri zinakaribiana sana. Sponji mbovu na springi mbovu nazo zinaumiza sawasawa. Mambo yanabadilika mkilala wawili, hasa mkipishana uzito. Hapo swali la kwanza ni kilo ngapi zinatenganisha mume na mke, na kila mmoja analala vipi: chali, ubavu au kifudifudi. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayowaambia kama ni sponji au springi, na ya aina gani.

Kama mnakaribiana uzito, tuseme tofauti haizidi kilo kumi na tano, sponji nzito ya ugumu wa kati inatosha na ni nafuu zaidi. Tofauti ikifika kilo thelathini na kuendelea, sponji moja kwa wote wawili huanza kuleta matatizo. Hapo tunawaonyesha springi za mfuko, au magodoro mawili membamba yanayolazwa pamoja. Yote mawili tutayaeleza hapa chini.

Tutajuaje kama godoro ndilo linalotuumiza, na siyo kazi au umri?

Angalia saa ya maumivu. Maumivu ya godoro yanakuwa makali unapoamka, kisha yanalegea ukishaoga na kutembeatembea, mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ukilala ugenini siku mbili tatu ukaamka mzima, na ukirudi kwako yanarudi, hapo kitanda kina kesi ya kujibu. Lakini kama unaamka vizuri na kiuno kinaanza kukaza saa tisa alasiri baada ya kukaa kwenye kiti au kubeba mizigo, godoro jipya litakula pesa yako bure.

Kisha lipime lenyewe. Toa shuka, vuta kamba ikaze kutoka ukingo hadi ukingo kwa upana, pale mnapoweka viuno. Ingiza rula kutoka kwenye kamba hadi juu ya godoro. Shimo la sentimita moja ni uchakavu wa kawaida. Likizidi sentimita mbili na nusu, yaani inchi moja, bila mtu juu yake, ukilala litazama zaidi ya hapo, na kiuno chako kitakuwa chini kuliko mabega usiku kucha. Mfanye vipimo viwili, upande wa mume na upande wa mke. Mara nyingi vinatofautiana, na tofauti hiyo yenyewe ina maana.

Kuna kipimo cha tatu ambacho hakigharimu kitu. Shusheni godoro sakafuni juu ya mkeka, mlale hapo wiki moja. Mkiamka nafuu, basi godoro bado lina uhai, ubovu uko kwenye kitanda. Asubuhi lisimamisheni ukutani lipate hewa, maana sakafu ya saruji huku Pwani inatoa unyevu na godoro litaota ukungu upande wa chini.

Si inasemekana mwenye mgongo alale pagumu, hata kwenye ubao?

Hili tunalisikia kila siku, na wazee wengi waliambiwa hivyo hivyo hospitalini enzi zao. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uhispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno yasiyo na ugonjwa maalumu nyuma yake. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu ya ugumu wa kati, bila kuambiwa lipi ni lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa kati walikuwa wamepata nafuu zaidi kitandani, na mgongo haukuwasumbua sana kama wenzao katika shughuli zao za mchana. Utafiti ule ulilinganisha ugumu tu. Haukupambanisha sponji na springi, kwa hiyo muuzaji asiutumie kukuuzia mojawapo.

Sababu yake unaweza kuiona kwa macho. Mwambie mwenzako alale ubavu juu ya sakafu. Bega na nyonga ndizo zinazogusa chini, kiuno kinaning'inia katikati bila kitu cha kukishika. Misuli inafanya kazi usiku kucha kukizuia kisidondoke, na asubuhi inalalamika. Godoro la ugumu wa kati linaacha bega na nyonga zizame kidogo, huku likijaza ile nafasi ya kiunoni. Likiwa laini mno, nyonga inazama kupita kiasi na mgongo unapinda kwa upande wa pili.

Ugumu wa kati, lakini, ni wa kati kwa nani? Mwanamke wa kilo 55 akilalia godoro ambalo mwanamume wa kilo 100 analiita la kati, atasema ni jiwe. Na mwanamume huyo akilalia la kati la mkewe, atatitia hadi akaribie kugusa chaga. Ndiyo maana mume na mke wanaweza kubishana dukani juu ya godoro lilelile na wote wakawa wakweli.

Mbona nikilala najikuta nimeporomokea upande wa mume wangu?

Kwa sababu yeye ametengeneza bonde na wewe unalala kwenye mteremko wake. Hili ndilo lalamiko kubwa la wake wanaokuja kwetu, na mara nyingi hawalihusishi na mgongo. Ukilala kwenye mteremko, hata usingizini mwili unajishikilia usiporomoke: mkono umekamata ukingo wa godoro, mguu umejikita, misuli ya kiuno upande mmoja imekaza. Maumivu yake huwa upande mmoja, kwenye nyonga au chini kidogo ya mbavu, na ni upande uleule kila asubuhi. Mkibadilishana pande kwa wiki moja na maumivu nayo yakahama, mmeshapata jibu.

Wengine wanalitatua kwa kulala mzungu wa nne, mmoja kichwa mchagoni na mwingine miguuni. Linasaidia kidogo, kwa sababu viuno haviko tena mahali pamoja, lakini ndoa yenu mnaijua wenyewe.

Sponji zote zinaonekana sawa. Tutaijuaje iliyo nzito?

Hapa ndipo watu wanapopigwa. Kuna vitu viwili vinavyochanganywa: ugumu na densiti. Ugumu ni kile unachokisikia ukibonyeza kwa kiganja. Densiti ni kiasi cha sponji kilichomo ndani ya ujazo fulani, huandikwa kilo kwa mita moja ya ujazo. Kiwandani wanaweza kutengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu siku ya kwanza. Ukiibonyeza dukani unaridhika. Lakini vile vikuta vyembamba vya vitundu vyake vinavunjika haraka chini ya uzito wa mtu, na katika miezi michache inaingia bonde. Ugumu utauhisi usiku wa leo, ila densiti ndiyo itakayoamua kama mwakani godoro litakuwa na hali ileile.

Kwa hiyo usiishie kubonyeza. Lipime kwenye mizani. Chukua godoro la futi tano kwa sita, unene inchi nane. Kwa mita ni 1.52 kwa 1.83 kwa 0.20, ukizidisha unapata ujazo wa 0.556. Likiwa na kilo 12 pamoja na kava, toa kama kilo moja ya kava, zinabaki 11. Gawanya 11 kwa 0.556, unapata karibu 20. Hiyo ni sponji ya kumpa mgeni wa siku mbili au mtoto. Godoro la vipimo hivyohivyo likiwa na densiti ya 30 litakuwa na kilo 17 hivi bila kava. Tofauti ya kilo sita utaihisi ukilinyanyua tu, hata kama mizani hakuna.

Sisi kwa mtu mzima anayelala kila siku hatushauri chini ya 25. Kwa aliyezidi kilo 85 tunaanzia 30, na akizidi kilo 100 tunampeleka 35. Unene nao una kazi yake: inchi nne au tano kwa mtu mzito ni sawa na kulala juu ya chaga zenyewe.

Mizani nayo inadanganywa. Wapo wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito bila kuwa imara. Ukifungua zipu ya kava na kusugua sponji kwa vidole, ikikuachia vumbi jeupe au ikakatika kama mkate mkavu, iache. Sponji nzuri ukiivuta kidogo inarefuka na kurudi. Na kama muuzaji hataki ufungue zipu, basi umeshajua.

Na haya yanayoandikwa "othopediki"?

Neno hilo kwenye kava halina maana ya kitabibu. Hakuna daktari aliyepima godoro lile kabla halijaandikwa, na kila kiwanda kinalitumia kipendavyo. Mengi ya yanayouzwa hivyo katika masoko yetu, Kenya na Tanzania, ndani yana mabaki ya sponji yaliyokatwakatwa na kugandishwa kwa gundi; ukifungua utaona madoa ya rangi tofauti tofauti. Siyo kitu kibaya. Ni nzito sana, haiingii bonde kirahisi, na mtu wa kilo 110 anayelala chali anaweza kuipenda. Ila ni ngumu, na mke mwembamba anayelala ubavu ataamka bega limekufa ganzi. Ikiwekewa juu yake sponji laini ya inchi mbili inakuwa kitu kingine kabisa, na kwa nyumba nyingi huo ndio mchanganyiko wa bei ya kueleweka.

Springi zina aina gani, na ipi inafaa wawili?

Za kwanza ni zile za kuunganishwa. Springi zote zimefungwa pamoja kwa waya unaopita mstari hadi mstari, hivyo ni kama wavu: ukivuta tundu moja, na jirani zake wanafuata. Mume akigeuka, mke anarushwa. Akiwa mzito, upande wa mke nao unashuka. Ndizo za bei ya chini na ndizo nyingi madukani, na kwa wanandoa wanaopishana uzito hatuzipendekezi, hata godoro likiwa na maua ya dhahabu kwenye kitambaa.

Za pili ni springi za mfuko. Kila springi imevikwa kimfuko chake cha kitambaa na inashuka peke yake. Mume wa kilo 95 anabonyeza za kwake, mke wa kilo 60 anabonyeza za kwake, na katikati yao kunabaki karibu tambarare. Faida nyingine ni kwamba springi inasukuma zaidi kadiri unavyoizamisha, kwa hiyo nyonga nzito inapata msaada mkubwa na kiuno chepesi kinapata mdogo, kila sehemu kwa kadiri yake. Mkigeuka hamuamshani. Kwa mwenye mgongo hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mtu mwenye maumivu anageuka mara nyingi, na mwenzake akiamshwa kila mara kesho wote wawili wanaamka wamechoka.

Kuzitofautisha ni rahisi. Weka chupa ya maji nusu lita ikiwa imesimama upande mmoja, kisha mwenzako akae kwa nguvu upande wa pili, umbali wa mkono mmoja. Kwenye springi za kuunganishwa chupa itayumba au kuanguka, kwenye za mfuko itatikisika kidogo tu.

Jambo ambalo wanunuzi hawalitegemei ni kwamba godoro la springi pia lina sponji, ile ya juu ya inchi moja hadi tatu, na mara nyingi hiyo ndiyo inayokufa kwanza. Watu wanasema "springi zimelala" kumbe chuma ni kizima, sponji ya juu imekwisha. Kwa hiyo hata ukinunua springi, uliza densiti ya sponji iliyoko juu yake.

Tupeni mfano wa watu halisi.

Alikuja mzee mmoja dereva wa lori, kilo 98, na mkewe, kilo 60. Walitaka "springi ngumu kabisa" kwa kuwa jirani aliwaambia. Mzee alilalamika kiuno, mama alilalamika nyonga ya kushoto. Walipoketi kwenye godoro la maonyesho, mama akacheka: "Baba watoto, unaona? Hata hapa unanivuta shimoni kwako!" Mzee akamjibu kwamba mama ndiye anayemfuata.

Hatukuwauzia kitu siku hiyo. Tuliwaomba waende wakapime. Walirudi na majibu: godoro la futi tano kwa sita, inchi nane, kilo 12 na kava lake. Kamba ilionyesha sentimita 4 upande wa mzee na sentimita 1.5 upande wa mama. Chaga zilikuwa zimepishana inchi tano, na kitanda hakikuwa na mguu wa katikati. Mama analala ubavu wa kushoto, yaani akimpa mzee mgongo na kushikilia ukingo. Mzee analala kifudifudi, mlalo mbaya kuliko yote kwa mtu mwenye tumbo na kiuno kibovu, kwa sababu tumbo linazama na kuuvuta mgongo chini.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, springi za mfuko za sita kwa sita, lakini hiyo ilitaka na kitanda kipya, na chumba chao hakikuruhusu. Ya pili, magodoro mawili ya sponji ya futi mbili na nusu kwa sita, yanayolazwa bega kwa bega kwenye kitanda kilekile. La mzee densiti 35, gumu kidogo, ambalo kwa vipimo vile lina kama kilo 10. La mama densiti 28, laini zaidi, karibu kilo 8. Yote mawili unene sawa, jambo ambalo ni lazima, la sivyo mmoja atalala ghorofani. Juu yake topa, yaani sponji nyembamba ya kutandika juu ya godoro, moja ya inchi mbili ya futi tano kwa sita kuziba ule mstari wa katikati, na kava moja kubwa kuyafunga yasiachane. Walichagua hii. Fundi seremala akaongeza chaga na mguu wa kati.

Nyonga ya mama ilitulia baada ya wiki chache, na mkono wake ukaacha kushikilia ukingo. Mzee alipata nafuu ya asubuhi, lakini kiuno cha jioni kilibaki palepale, kwa sababu kile ni cha kiti cha lori. Tulimwambia akawaone watu wa fiziotherapia, na hapo kazi ya godoro inaishia.

Chaga zina uhusiano gani na mgongo?

Mkubwa. Sponji haina mifupa, inafuata umbo la kilichoko chini yake. Chaga zikiachana zaidi ya inchi tatu, sponji inaanza kuchungulia kwenye mapengo, na kila pengo linakuwa mwanzo wa bonde. Springi za mfuko nazo zinahitaji chaga za karibu, kwa kuwa springi moja ikikuta pengo inazama peke yake. Kitanda cha futi tano au sita kwa upana lazima kiwe na ubao wa kati wenye mguu unaogusa sakafu. Bila hivyo chaga zinapinda katikati, nyote wawili mnakutana humo, na lawama zinakwenda kwa godoro.

Gongomea chaga zisiteleze. Ukiweka plaiwudi nzima badala ya chaga, itoboe matundu, maana huku kwetu jasho la usiku linahitaji pa kutokea.

Joto je? Sponji si inachoma?

Inahifadhi joto kuliko springi, ni kweli, kwa kuwa hewa haipiti ndani yake kwa urahisi. Ile inayokumbuka umbo, wengi wanaiita memori fomu, ndiyo inayozidi, tena yenyewe inalainika kadiri joto linavyopanda. Arusha au Njombe ni raha. Dar mwezi wa pili, umeme umekatika na feni imesimama, mtazama ndani yake hadi kugeuka kunakuwa kazi, na mtu mwenye mgongo anahitaji kugeuka kwa wepesi. Kwa Pwani tunaiuza kama topa nyembamba tu.

Kwa upande wa pili, chumvi na unyevu wa Pwani vinashambulia waya. Kosa kubwa ni kuacha ile nailoni ya dukani kwenye godoro la springi "lisichafuke". Jasho linanasa ndani, chuma kinashika kutu, sponji ya juu inaoza, na nyie wenyewe mnateleza usiku kucha. Livue nailoni siku ileile, ulivike kava ya kitambaa.

Tulijaribuje dukani bila kuona aibu?

Mje wote wawili. Godoro la wawili halinunuliwi na mmoja, hata kama ndiye mwenye pesa. Vueni viatu, laleni wote kwa pamoja, kila mtu upande wake na mlalo wake wa kila siku, angalau dakika kumi na tano. Dakika mbili za kwanza kila godoro ni zuri.

Anayelala chali apitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa ulaini kabisa, godoro ni gumu mno kwake. Kikigoma kabisa, amezama. Kinachotakiwa ni kipite kwa kubanwa kidogo. Anayelala ubavu apigwe picha kwa nyuma na simu, kisha mtazame mstari kutoka shingoni hadi kiunoni. Unatakiwa unyooke, uwe sambamba na godoro. Mkija na mito yenu wenyewe ni bora zaidi, maana mto mnene unaweza kulisingizia godoro kosa la shingo.

Na mgeuke. Mmoja ageuke huku mwenzake amefumba macho, kisha mbadilishane.

Mke wangu ni mjamzito. Tununue sasa au tusubiri?

Kama godoro si bovu kabisa, subirini. Uzito na mlalo wake vinabadilika kila mwezi, na linalomfaa mwezi wa nane halitamfaa baada ya kujifungua. Kwa sasa topa laini ya inchi mbili upande wake, na mto kati ya magoti anapolala ubavu, vinatosha. Huo mto wa magotini unawasaidia hata wasio wajawazito. Anayelala chali auweke chini ya magoti.

Ni dalili gani zinazotaka daktari na siyo godoro?

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama mkojo au choo vinatoka bila kujizuia au mkojo umegoma, kama sehemu za siri na ndani ya mapaja zimekufa ganzi, au mguu unaishiwa nguvu. Usichelewe pia kama maumivu yamekuja na homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu. Kifua kikuu kinaweza kushika pingili za mgongo, na kwetu si ugonjwa wa kusimuliwa. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka, aliyewahi kuugua saratani, au anayeumwa usiku kwa namna isiyobadilika hata akigeuka vipi. Na kijana ambaye kila asubuhi mgongo unamkaza zaidi ya nusu saa, ukilegea kwa mazoezi lakini siyo kwa kupumzika, apimwe, kwani kuna ugonjwa wa baridi ya viungo vya uti wa mgongo unaoanza hivyo.

Tumenunua jipya, mbona linauma zaidi?

Mwili umezoea bonde la zamani. Upeni wiki mbili hadi nne. Kama baada ya hapo asubuhi bado ni mbaya kuliko zamani, basi ugumu si wenu, na kabla ya kulirudisha jaribuni topa.

Tulitunzeje lisiingie bonde mapema?

Kila miezi mitatu ligeuzeni, upande wa mchagoni uende miguuni. Hapo mume na mke wanabadilishana pande za godoro bila kubadilishana pande za kitanda. Sponji tupu inaweza pia kupinduliwa juu chini. Springi nyingi za siku hizi zina sponji ya juu upande mmoja tu, hizo zinazungushwa bila kupinduliwa. Na msikae ukingoni palepale kila siku mkivaa viatu.

Kuhusu kulibeba na dhamana?

Sponji inakunjwa na kufika hata kwa bajaji. Springi isikunjwe kamwe: ule waya mnene unaozunguka ukingo ukipinda haurudi, na godoro litakuwa na kilima au shimo hadi mwisho wake. Chukueni kirikuu, lilale bapa au lisimame kwa ubavu, na mtu asikae juu yake njiani.

Dhamana nyingi zinafidia bonde likifika kina fulani tu, wala hazifidii godoro lililolalia chaga zilizoachana au lenye doa la mkojo wa mtoto. Ulizeni kina hicho ni sentimita ngapi kabla ya kulipa, na kiandikwe kwenye risiti. Siku linapofika nyumbani, lipimeni kwa mizani, lipigeni picha likiwa na kamba juu yake na rula pembeni, pigeni na picha ya chaga. Mkirudi dukani baada ya mwaka na picha hizo, mazungumzo yanakuwa mafupi.